Akaunti 9 kubwa na 1,154 ndogo: kisa cha uteuzi wa sampuli kwa kizio cha fedha katika ukaguzi wa wadaiwa

Kampuni ya kisa hiki huuza vipuri kwa jumla na kwa mkopo. Siku ya kufunga hesabu za mwaka, leja yake ya wadaiwa ilikuwa na akaunti 1,240, na salio lililoandikwa kwenye mizania lilikuwa 48,000,000. Sarafu yenyewe haina uzito katika hoja hii, kwa hiyo nitazungumzia vizio vya fedha tu, na tarakimu nimezisawazisha ili hesabu ifuatwe kwa urahisi. Kazi ya timu ya ukaguzi ilikuwa kuthibitisha kwamba wadaiwa hao wapo na kwamba wanadaiwa kiasi kilichoandikwa. Njia iliyopangwa ilikuwa kuwatumia baadhi yao barua za uthibitisho wa salio na kupima majibu yao dhidi ya leja. Kosa linalovumilika katika salio hili liliwekwa kuwa 2,400,000.

Swali la kwanza lilikuwa ni nani atumiwe barua. Kijana aliyekabidhiwa eneo hili alipendekeza kuchagua akaunti 60 kwa bahati nasibu, kila akaunti ikiwa na nafasi sawa. Pendekezo hilo linaonekana la haki, lakini leja ya wadaiwa haina usawa wa namna hiyo. Akaunti 9 peke yake zilibeba 17,400,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya fedha zote, huku akaunti nyingine nyingi zikiwa na salio la elfu chache tu. Ukichagua akaunti 60 kutoka katika akaunti 1,163 zenye salio la deni kati ya zile 1,240, uwezekano wa kutoipata hata moja kati ya zile 9 ni takribani asilimia 62. Kwa maneno mengine, katika kaguzi tatu za namna hiyo, karibu mbili zingemalizika bila mtu kugusa theluthi ya fedha zinazokaguliwa.

Uteuzi kwa kizio cha fedha hugeuza mtazamo. Kinachochaguliwa si akaunti, ni kizio kimoja cha fedha kilichomo ndani ya salio. Akaunti hukaguliwa kwa sababu kizio kilichochaguliwa kimeangukia ndani yake. Ukiyapanga masalio yote kama mstari mmoja mrefu wa vizio, kisha ukatembea juu ya mstari huo kwa hatua zenye urefu sawa, akaunti yenye 400,000 ina nafasi mara 200 ya kukanyagwa kuliko akaunti yenye 2,000. Nguvu ya kazi inaelekea kule fedha ziliko, bila mkaguzi kulazimika kuamua kwa jicho.

Kabla ya kuupanga mstari huo, palikuwa na jambo ambalo mara nyingi hupitwa. Akaunti 46 zilikuwa na salio la upande wa mkopo, yaani wateja waliolipa zaidi au waliolipa kabla ya kutumiwa bidhaa, na jumla yake ilikuwa 600,000. Akaunti nyingine 31 zilikuwa na sifuri. Kwa hiyo 48,000,000 ya kwenye mizania ilikuwa ni tofauti kati ya 48,600,000 ya madeni halisi na zile 600,000. Faili la kwanza lililoingizwa kwenye jedwali lilikuwa na akaunti zote pamoja, na jumla endelevu ilikuwa ikipanda, inashuka, kisha inapanda tena. Kuna mahali ambapo kizio kilichochaguliwa kilionekana kuwemo ndani ya akaunti mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta: jumla endelevu ikirudi nyuma hata mara moja, masalio hasi hayajatolewa. Tuliyatoa, pamoja na yenye sifuri, na kuyawekea jaribio lao tofauti. Jumla sahihi ya kuchagulia ikawa 48,600,000.

Urefu wa hatua unatokana na kosa linalovumilika na kiwango cha uhakika kinachotakiwa. Kwa uhakika wa asilimia 95, na kwa matarajio ya kutokuta kosa lolote, jedwali la Poisson linatoa kizidisho cha 3.00:

```
hatua = 2,400,000 / 3.00 = 800,000
```

Maana ya ile 3.00 inafaa kueleweka, kwa sababu kila kitakachofuata kimesimama juu yake. Tuseme kwamba ndani ya mstari mmejificha vizio 2,400,000 vya uongo. Ukitembea kwa hatua ya 800,000, unatarajia kuvikanyaga mara 3 kwa wastani. Uwezekano wa kutovikanyaga hata mara moja, wakati wastani ni 3, ni karibu asilimia 5. Basi ukimaliza mstari mzima bila kukuta kosa, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kosa lililomo halizidi 2,400,000.

Hapo ndipo akaunti kubwa zinapojitenga zenyewe. Akaunti yoyote yenye 800,000 au zaidi haiwezi kurukwa na hatua ya 800,000. Lazima ikanyagwe angalau mara moja, na ile kubwa kuliko zote, yenye 4,300,000, ingekanyagwa mara 5 au 6. Kuziacha akaunti hizo katika mstari mmoja na nyingine hakubadilishi orodha ya watakaotumiwa barua, ila kunavuruga tathmini ya baadaye. Kwa hiyo zile 9 zilitengwa kuwa tabaka lao na zikakaguliwa zote. Tabaka linalokaguliwa lote halina sampuli, na pasipo na sampuli hapana hatari ya sampuli. Kosa likionekana humo ni kosa linalojulikana kwa kiasi chake halisi. Halikuzwi wala halikadiriwi. Kwa barua 9 tu, asilimia 36 hivi ya fedha iliondoka katika eneo la makadirio.

Zilizobaki zilikuwa akaunti 1,154 zenye 31,200,000. Ukigawa kwa hatua ya 800,000 unapata vituo 39, yaani mahali 39 pa kukanyaga, kwa hiyo barua zote zikawa 48, pungufu ya zile 60 za pendekezo la mwanzo. Mahali pa kuanzia palichaguliwa kwa nasibu kati ya 1 na 800,000, na namba iliyotoka ilikuwa 213,400. Akaunti ya kwanza kwenye orodha ilikuwa na 96,200. Ya pili ilikuwa na 41,750, jumla endelevu ikawa 137,950. Ya tatu ilikuwa na 88,500, jumla ikafika 226,450, na kizio cha 213,400 kikawa kimo ndani yake. Huyo akatumiwa barua. Kituo kilichofuata kilikuwa 1,013,400, na kuendelea hivyo hadi mwisho.

Majibu hayakuja yote. Kwa wasiojibu hata baada ya kukumbushwa, timu ilitazama malipo yaliyoingia benki baada ya mwaka kufungwa, yakilinganishwa ankara kwa ankara, na pale ambapo hayakuwepo ikatazama hati za kupokelea mzigo zenye sahihi ya mteja. Hili si la hiari. Akaunti iliyochaguliwa ambayo haikuthibitishwa kwa njia yoyote, Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 530 kinataka ihesabiwe kuwa kosa. Hairuhusiwi kuitupa na kuchukua jirani yake.

Majibu matano yalitofautiana na leja. Mawili kati yake hayakuwa makosa: mteja alikuwa ametuma malipo siku za mwisho za mwaka na fedha zikaingia benki siku mbili baadaye. Tofauti ya muda ya namna hiyo inafuatiliwa mpaka kwenye taarifa ya benki, kisha inafungwa. Matatu yaliyobaki yalikuwa makosa ya kweli. Katika tabaka la juu, akaunti iliyoandikwa 1,900,000 ilipaswa kuwa 1,640,000, kwa sababu ankara ya 260,000 ilikatwa kabla ya mwaka kufungwa ilhali mzigo uliondoka ghalani baada yake. Katika vile vituo 39, akaunti ya 60,000 ilipaswa kuwa 45,000, kwa sababu mteja alirudisha bidhaa na hati ya kupunguza deni lake ikaandikwa mwezi uliofuata. Nyingine ya 24,000 ilipaswa kuwa 21,600, kwa sababu punguzo la bei lililokubaliwa halikuingizwa.

Mtu asiyeijua njia hii angejumlisha 15,000 na 2,400 na kusema kosa la sampuli ni 17,400, yaani si kitu. Lakini kila kituo kinasimama badala ya hatua nzima ya vizio 800,000. Tunachouliza ni sehemu gani ya salio la akaunti ile ilikuwa na doa. Akaunti ya 60,000 ina doa la asilimia 25, basi tunakadiria kwamba asilimia 25 ya hatua yake, yaani 200,000, ina kosa. Akaunti ya 24,000 ina doa la asilimia 10, inayoleta 80,000. Kosa linalokadiriwa ni 280,000. Angalia kwamba ukubwa wa kosa kwa fedha haukuamua. Kilichoamua ni doa. Ankara hewa ya 500 katika akaunti isiyokuwa na kitu kingine ingekuwa na doa la asilimia 100, na ingeleta 800,000 yote.

Makadirio hayo bado si kikomo cha juu, yaani kiasi ambacho tunaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kosa halikizidi. Juu yake inawekwa posho ya hatari ya sampuli. Msingi wake ni 3.00 mara hatua, ambao upo hata kama hakuna kosa lililoonekana. Kisha kila doa, likipangwa kuanzia kubwa, linazidishwa kwa ongezeko la kizidisho, ambalo ni 1.75 kwa la kwanza na 1.55 kwa la pili:

```
3.00 x 800,000            = 2,400,000
1.75 x 25% x 800,000      =   350,000
1.55 x 10% x 800,000      =   124,000
kikomo cha sampuli        = 2,874,000
kosa la tabaka la juu     =   260,000
kikomo cha juu cha jumla  = 3,134,000
```

Kikomo kilizidi 2,400,000. Meneja wa kazi alishtuka, lakini matokeo haya yalikuwa yameandikwa tangu siku ya kupanga. Hatua ya 800,000 ilitumia kosa linalovumilika lote kwenye msingi. Haikubakiza nafasi ya kosa hata la 1. Kupanga kwa matarajio ya sifuri kunafaa pale tu ambapo una sababu ya kuamini sifuri, na karatasi za mwaka uliotangulia zilionyesha makosa madogo ya aina hizi hizi. Kama timu ingetarajia kosa la 300,000, basi kwa uhakika uleule kosa hilo huzidishwa kwa 1.6 na kutolewa kwanza katika kosa linalovumilika, hatua ikawa 640,000. Kwa madoa yale yale mawili, kikomo cha sampuli kingekuwa 2,299,200, na kampuni ikisharekebisha zile 260,000, kazi ingefungwa. Uchoyo wa barua kama kumi mwanzoni ulileta mzunguko wa pili mwishoni.

Hoja iliyotolewa mezani ilikuwa kwamba kosa la bidhaa zilizorudishwa ni la pekee, lisikadiriwe. Mimi sikukubali, na sikubali hadi leo. Kulitoa kosa katika makadirio kunahitaji ushahidi wa kiwango cha juu sana kwamba haliwezi kuwepo kwingine, na ushahidi uliokuwepo ulielekea upande wa pili: mtunza ghala alikusanya hati za bidhaa zilizorudi na kuzipeleka uhasibuni mara moja kwa wiki, kwa wateja wote. Utaratibu unaorudiwa kila wiki hauwezi kuitwa ajali.

Tulipanua sampuli kwa kuweka kituo kipya katikati ya kila vituo viwili vya zamani, hivyo hatua ikawa 400,000. Na hapa ndipo uhusiano wa hatua na tabaka unapoonekana vizuri. Hatua ikifupishwa, mpaka wa akaunti kubwa nao unashuka. Akaunti 14 zilizokuwa kati ya 400,000 na 800,000, zenye jumla ya 7,200,000, awali zilikuwa na nafasi ya kurukwa, sasa haziwezi. Tisa kati yake zilikuwa zimekwisha kukaguliwa, zikaongezwa 5, na zote 14 zikahamia katika tabaka linalokaguliwa lote. Tabaka hilo likawa na akaunti 23 zenye 24,600,000, yaani zaidi ya nusu ya fedha yote. Chini yake zikabaki 24,000,000 zenye vituo 60, ambavyo 30 tayari vilikuwa na majibu. Kazi mpya ilikuwa barua 35, si 48 nyingine.

Upanuzi huu una mpaka wake. Mkaguzi anayeangalia matokeo, kisha akaongeza sampuli, akaangalia tena na kuongeza mpaka apendezwe, hana tena uhakika wa asilimia 95 anaoudai. Kwa hiyo iliandikwa kabla ya kutuma barua kwamba duru hii ni moja tu, na kwamba kikomo kikizidi tena, kampuni itatakiwa kuipitia leja yote yenyewe.

Duru ya pili ilileta makosa 2. Moja lilikuwa la 18,000 katika akaunti mojawapo kati ya zile 14, na likaingia kwenye makosa yanayojulikana. La pili lilikuwa akaunti ndogo ya 50,000 iliyopaswa kuwa 47,500, doa la asilimia 5, na chanzo chake kilikuwa tena bidhaa zilizorudishwa. Hesabu ikarudiwa kwa hatua mpya, ongezeko la doa la tatu likiwa 1.46:

```
3.00 x 400,000            = 1,200,000
1.75 x 25% x 400,000      =   175,000
1.55 x 10% x 400,000      =    62,000
1.46 x  5% x 400,000      =    29,200
kikomo cha sampuli        = 1,466,200
makosa ya tabaka la juu   =   278,000
kikomo cha juu cha jumla  = 1,744,200
```

Doa la asilimia 25 halikubadilika, ila mzigo wake ulipungua nusu kwa sababu sasa linasimamia hatua fupi. Kampuni ilirekebisha zile 278,000 za tabaka la juu, ambazo zinatoka kwenye kikomo kwa kiasi chake kamili. Ilirekebisha pia 19,900 za akaunti tatu ndogo, lakini hapo kikomo hupungua kwa 19,900 tu. Wahasibu wa kampuni hawakulipenda jibu hilo. Walidhani kwamba akaunti ikisharekebishwa, makadirio yake yanafutika. Hayafutiki, kwa kuwa akaunti ile ilikuwa mwakilishi wa nyingine ambazo hakuna aliyezifungua. Kosa linalokadiriwa lilikuwa 160,000, na baada ya marekebisho yakabaki 140,100 ya kuingizwa katika orodha ya makosa ambayo hayajarekebishwa.

Chanzo cha madoa mawili kati ya matatu kilijulikana, na kwa hiyo tuliweza kukifuata chenyewe badala ya kukikadiria. Hati zote 64 za bidhaa zilizorudishwa, kuanzia siku ya kufunga hesabu hadi siku ya kazi yetu, zilitolewa kwenye jalada la ghala na kulinganishwa na tarehe mzigo ulipopokelewa. Sita zilihusu mizigo iliyorudi kabla ya mwaka kufungwa, zote za akaunti ndogo, jumla 71,000, zile mbili tulizokwisha kuzijua zikiwemo. Sampuli ilikuwa imekadiria 120,000 kwa chanzo hicho. Makadirio na ukweli havikulingana, na havikutakiwa kulingana, maana makadirio ni kutoka katika mstari mmoja ulioanzia 213,400. Ungeanzia kwingine, yangetoka mengine. Kampuni ilikamilisha marekebisho ya zile 71,000, na kwenye orodha yetu makadirio ya 120,000 yakabadilishwa na kiasi kilichopatikana na kurekebishwa. Likabaki doa la punguzo la bei, 40,000 toa 2,400 iliyorekebishwa, yaani 37,600. Kikomo cha juu hatukukishusha kwa sababu ya kazi hiyo, kwani kilikuwa tayari chini ya kosa linalovumilika.

Jambo ambalo sampuli hii haikulijibu liliandikwa wazi kwenye karatasi za kazi. Akaunti iliyoandikwa 10,000 ambayo kwa kweli ni 200,000 ilikuwa na nafasi ya asilimia 2.5 tu ya kukanyagwa na hatua ya 400,000, na deni ambalo halikuandikwa kabisa lilikuwa na nafasi ya sifuri. Njia hii hukamata kilichozidishwa. Kilichopunguzwa hutafutwa kutoka upande wa pili, kwa kuchukua hati za mizigo iliyotoka ghalani siku za mwisho za mwaka na kufuata kila moja hadi kwenye ankara yake. Barua za uthibitisho pia hazikusema chochote kuhusu uwezo wa mteja kulipa. Akaunti ya tatu kwa ukubwa ilijibu kwamba inakubali deni lote, na ilikuwa haijalipa chochote kwa miezi saba. Jibu lake lilifunga suala la kuwepo kwa deni, na siku hiyohiyo jina lake likapelekwa kwa mwenzetu aliyekuwa akikagua makadirio ya madeni yasiyolipika.